Barua ya uhamisho: posho iwe na tarehe

Swali: Namhamishia mhasibu wangu tawi la Mbeya kutoka Dodoma. Barua isemeje?

Jibu: Zungumza naye kwanza, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mashauriano, kisha taarifa ya maandishi. Mgogoro huzuka kwenye posho. “Utalipwa stahiki zako” haitoshi. Andika hivi:

“Utaripoti tawi la Mbeya Jumatatu, 3 Agosti 2026, saa 2:00 asubuhi, kwa Meneja wa Tawi, atakayekuwa msimamizi wako. Posho ya kujikimu ya siku 14, nauli ya familia na gharama ya mizigo vitalipwa kabla ya 24 Julai. Mshahara haubadiliki. Mahali pa kuajiriwa panabaki Dodoma.”

Sentensi ya mwisho wengi huisahau, nayo huamua nauli ya kurudi ajira ikikoma.