Anwani ni info@ Pekee? Mwandikie Anayefungua Barua

Wakazi wengi wa Jamhuri, Woodley na Dagoretti wanaotafuta kazi hukutana na hali hii. Kampuni unaijua, kazi yake unaiweza, lakini tovuti yake haina jina la afisa wa ajira wala ukurasa wa nafasi za kazi. Kilichopo ni nambari ya simu ya ofisi na anwani moja inayoanza na info@. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitumia anwani hiyo ili ombi lako limfikie anayehusika.

Nani hufungua barua hiyo?

Katika kampuni nyingi, anwani ya info@ husomwa na afisa wa mapokezi au wa huduma kwa wateja. Huyu hana mamlaka ya kuajiri. Kila asubuhi hukuta maswali ya bei, malalamiko ya wateja, ankara na matangazo ya watu wanaouza bidhaa. Kwa kila ujumbe hujiuliza swali moja: hili ni la nani?

Asipopata jibu upesi, ujumbe hubaki pale pale. Kwa hivyo ujumbe wako una wasomaji wawili. Wa kwanza anatakiwa kujua ampelekee nani, na wa pili anatakiwa kujua unaweza kazi gani. Waombaji wengi humwandikia wa pili tu, na barua haivuki meza ya wa kwanza.

Mfano

Tuchukue mkazi wa Jamhuri mwenye diploma ya usimamizi wa ghala, aliyefanya kazi miaka 2 katika ghala la duka la jumla. Anataka kazi katika kampuni ya kupakia vyakula iliyoko Eneo la Viwanda, ambayo haijatangaza nafasi. Kabla ya kuandika, anapiga simu ya ofisi na kuuliza, "Habari ya asubuhi. Maombi ya kazi ya ghala hutumwa kwa anwani gani?" Akipewa anwani nyingine, anaitumia hiyo. Akiambiwa atume kwa info@, au simu isipopokelewa, anaandika hivi:

Kichwa cha ujumbe: Kwa Idara ya Wafanyakazi: ombi la kazi, karani wa ghala, (jina kamili)

Kwa Meneja wa Wafanyakazi,

Naomba ujumbe huu upelekwe kwa anayeshughulikia ajira ya wafanyakazi wa ghala.

Nina diploma ya usimamizi wa ghala na uzoefu wa miaka 2 wa kupokea, kuhesabu na kutoa bidhaa. Kila mwisho wa mwezi nilihesabu bidhaa zote na kulinganisha idadi na rekodi za kompyuta. Naomba kazi ya karani wa ghala, na niko tayari kuanza kwa zamu ya usiku.

Wasifukazi wangu wa kurasa 2 umeambatishwa. Ikiwa maombi ya kazi hupokelewa kwa anwani nyingine, nitashukuru kuelekezwa.

(Jina kamili, Jamhuri, Nairobi, nambari ya simu)

Ikiwa kampuni huandika kwa Kiingereza katika tovuti yake, andika kwa Kiingereza ukifuata mpangilio huu huu.

Kwa nini imeandikwa hivyo?

Kichwa kinataja idara, kazi na jina. Afisa wa mapokezi anaweza kuupeleka ujumbe bila hata kuufungua, na meneja akiutafuta mwezi ujao, ataupata kwa jina lako. Kichwa kama "Ombi" au "Naomba msaada" hakimwelekezi mtu popote.

Salamu inataja cheo kwa sababu jina halijulikani. Usibahatishe jina ulilolikuta mtandaoni. Huenda mtu huyo aliondoka zamani. Usiandike "Mheshimiwa Bwana" pia, kwani huenda anayesoma ni mama.

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye faida zaidi. Afisa wa mapokezi hawezi kukupa kazi, lakini anaweza kukupa anwani sahihi kwa mstari mmoja. Umemwomba kitu kilicho ndani ya uwezo wake, kwa hivyo ni rahisi kwake kukujibu.

Viambatisho

Ambatisha faili moja tu ya PDF, iliyopewa jina lako na kazi unayoomba. Jina kama "CV mpya ya mwisho 2" hupotea miongoni mwa faili za wengine. Jaribu isizidi MB 2. Vyeti vilivyopigwa picha kwa simu mara nyingi huwa vizito, na mifumo mingine ya barua huzuia ujumbe mzito.

Usitume nakala ya kitambulisho. Anwani ya jumla hufunguliwa na watu kadhaa, na nakala hiyo ikishatoka huwezi kuirudisha. Vilevile usigharamikie vyeti vya uidhinishaji kama vile vya KRA na HELB katika hatua hii. Kwa marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022, mwajiri hawezi kukudai vyeti hivyo kabla hajakusudia kukupa mkataba wa kazi.

Andika kwa kampuni moja moja. Ujumbe unaoonyesha anwani za kampuni 20 kwenye mstari mmoja unamwambia kila msomaji kwamba hukumwandikia yeye.

Kusoma majibu

Ukipata ujumbe kutoka kwa "Mailer-Daemon" ndani ya dakika chache, barua haikufika. Ukisema anwani haipatikani, kagua herufi ulizoandika. Ukisema sanduku limejaa, piga simu, kwani kungoja pekee hakutasaidia.

Ukipata jibu la moja kwa moja lenye nambari ya kumbukumbu, barua imefika ingawa huenda hakuna mtu aliyeisoma. Ukitaka kufuatilia, jibu ndani ya ujumbe huo huo bila kubadilisha kichwa. Ukianza ujumbe mpya, mfumo hukupa nambari nyingine na ombi lako linagawanyika mara mbili.

Kukiwa kimya kwa siku 7 za kazi, piga simu mara moja, utaje tarehe uliyotuma na kichwa cha ujumbe, kisha uulize kama ulipelekwa kwa idara husika. Usiulize kama umepata kazi, maana anayepokea simu hajui.

Ukijibiwa, tazama maneno yanayofuata alama ya @. Yanapaswa kulingana herufi kwa herufi na yale ya anwani uliyoandikia. Jibu likitoka kwa anwani tofauti na kukutaka utume pesa za usaili, za fomu au za sare, usitume. Pigia kampuni kwa nambari iliyo kwenye tovuti yake, si ile iliyo kwenye ujumbe huo.

Mahali ambapo njia hii haifai

Njia hii ni ya kampuni za kibinafsi. Nafasi za kazi katika serikali ya kaunti hutangazwa kwa umma, kama inavyotakiwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, na maombi hupokelewa kwa utaratibu uliotajwa katika tangazo. Barua iliyotumwa kwa anwani ya jumla ya kaunti haihesabiwi kuwa ombi la kazi. Vivyo hivyo, kampuni ikitangaza nafasi na kutaja mahali pa kutuma maombi, fuata tangazo hilo, hata kama unaiona info@ kwenye tovuti yake.