Kukadiria Nishati ya Kipande Kimoja cha Kashata

Mgonjwa wa kisukari anapoulizwa alichokula kati ya milo, mara nyingi hujibu, "Kashata mbili tu." Kipande ni kidogo, naye mhudumu hukosa namba ya kuandika. Namba hiyo hupatikana kwa mizani ya jikoni na hesabu nyepesi.

Kanuni ni moja: hesabu vilivyoingia sufuriani, kisha gawanya kwa idadi ya vipande. Gramu moja ya sukari ina takriban kilokalori 4. Gramu moja ya karanga au ya ufuta ina takriban 5.7, kwa kuwa karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Gramu moja ya nazi mbichi iliyokunwa ina takriban 3.5. Maji ya shira hayana nishati.

Tuchukue mfano wa mama wa Chanzuru, wilayani Kilosa, anayepika kashata za karanga. Anayeyusha gramu 500 za sukari kwa kikombe cha maji, na shira inaponata anamimina gramu 500 za karanga zilizokaangwa. Anatandaza kwenye sinia na kukata vipande 40 kabla havijapoa. Sukari imeleta kilokalori 2,000 na karanga 2,850, jumla 4,850. Kila kipande kina takriban kilokalori 120, na ndani yake gramu 12.5 za sukari, yaani vijiko vitatu vya chai. Kashata "mbili tu" ni vijiko sita.

Kashata za nazi zina mtego wake. Karibu nusu ya uzito wa nazi mbichi ni maji, nayo hukauka jikoni. Tuseme gramu 400 za nazi na gramu 400 za sukari zimetoa kashata zenye uzito wa gramu 640, zikakatwa vipande 30. Nishati ni 1,400 na 1,600, jumla 3,000, hivyo kila kipande kina kilokalori 100. Anayepima kipande cha gramu 21 na kukizidisha kwa wastani wa vitu vibichi, yaani 3.75, atapata 80 tu. Kilichopungua ni maji. Mafuta na sukari vimebaki. Lakini nazi iliyokwisha kukamuliwa tui isihesabiwe kwa 3.5, maana mafuta yake mengi yameondoka.

Kwa kashata za kununua, ambazo kipimo chake hakijulikani, pima vipande kumi pamoja, gawanya kwa kumi, kisha zidisha uzito wa kipande kwa 5. Vipande vya sinia moja havilingani. Kupima kimoja peke yake hupotosha.

Makadirio haya yanaweza kukosea kidogo, hasa shira ikibaki sufuriani. Hata hivyo, yanatosha kwa mhudumu na mgonjwa kuamua pamoja: kipande kimoja, au nusu yake, na chai isiyo na sukari.