Nukta Kwanza, Meneja: Vidokezo vya Kunyoosha Barua Pepe ya Haraka

Ukiwa na ghala la vifaa vya ujenzi Kitengela na tawi Kajiado mjini, maagizo yako husafiri kwa barua pepe fupi huku lori likiwa tayari kwenye barabara ya Namanga. Unaandika umesimama, simu nyingine inalia. Tuchukue mfano wa barua ya aina hiyo:

*Habari, lori limetoka Kitengela saa tatu mpigie mteja wa Kajiado, saruji ni mifuko 200, mabati hayajafika kutoka kiwandani, usimwambie yatakuja leo risiti ya saruji iko kwa dereva, akilipa nitumie ujumbe.*

Mtu wa tawini akiisoma mara ya kwanza, atakwama mahali pawili. Saa tatu ni saa ya lori kutoka au saa ya kumpigia mteja? Na hilo la mabati: anakatazwa kumwahidi mteja kwamba yatafika leo, au anaambiwa anyamaze kwa sababu yatafika leo? Maneno ni yaleyale, maana zinapingana, na mteja ameshaita mafundi wa paa. Barua haihitaji kuandikwa upya. Inahitaji alama chache na maneno matatu.

1. Tafuta vitenzi vinavyojitegemea.
Katika Kiswahili kitenzi kimoja kinaweza kuwa sentensi nzima. "Limetoka." "Hayajafika." "Mpigie." Kila kimoja kinasimama peke yake, na hivyo ndivyo vishazi huru tulivyofundishwa shuleni. Katika barua yetu vishazi vya namna hiyo ni 7, vikiongozwa na *limetoka, mpigie, ni, hayajafika, usimwambie, iko* na *nitumie*. "Akilipa" hakimo, kwa kuwa ukikisema peke yake msikilizaji atauliza, "Akilipa, halafu?" Hicho ni tegemezi, na mkato baada yake unatosha.

Sasa tazama kilicho kati ya kishazi huru kimoja na kinachofuata. Ukikuta mkato mtupu, mkato umebebeshwa kazi ya nukta. Usipokuta chochote, kama baada ya "saa tatu" na baada ya "leo", hapo sentensi mbili zimegongana.

2. Anza na nukta, hasa panapokaa neno la wakati.
Hii ndiyo tiba ya bei nafuu kuliko zote, na kwa barua ya kazi ndiyo ninayoipenda zaidi. Maneno kama *leo, kesho, saa tatu, Jumatatu* yakiwekwa katikati ya vitenzi viwili bila alama, huvutwa pande zote mbili. Amua ni ya nani, kisha weka nukta: "Lori limetoka Kitengela saa tatu. Mpigie mteja wa Kajiado." Kama ulikusudia kinyume chake, nukta inahama hatua moja tu: "Lori limetoka Kitengela. Saa tatu mpigie mteja wa Kajiado." Hakuna neno lililoongezwa, ila siku ya mtu wa tawini imebadilika kabisa.

Kwenye simu nyingi, ukibonyeza nafasi mara mbili mfululizo nukta hujiweka yenyewe na herufi inayofuata huwa kubwa. Nukta mkato nayo ni halali, lakini imefichika kwenye kibodi ya simu na kwa ujumbe wa mistari minne sioni inachoongeza.

3. Nukta isipotosha, ongeza neno moja.
"Usimwambie yatakuja leo" haiponi kwa nukta peke yake, kwa sababu ukikosea mahali pa kuiweka unatoa agizo la kinyume. Tia *kwamba*: "Usimwambie kwamba yatakuja leo." Kama ulitaka ile maana nyingine, andika "Usimwambie, kwa sababu yatakuja leo." Kwa saruji na mabati, uhusiano ni wa kupingana, basi *lakini* inatosha. Na katika "akilipa", aliyetajwa karibu ni dereva ilhali mlipaji ni mteja, kwa hiyo mtaje.

Barua yetu sasa inasomeka hivi:

*Habari, lori limetoka Kitengela saa tatu. Mpigie mteja wa Kajiado. Saruji ni mifuko 200, lakini mabati hayajafika kutoka kiwandani. Usimwambie kwamba yatakuja leo. Risiti ya saruji iko kwa dereva. Mteja akilipa, nitumie ujumbe.*

Maneno yaliyoongezwa ni *lakini, kwamba* na *mteja*. Sauti ya meneja ni ileile, na mkato baada ya salamu nimeuacha kwa kuwa haumpotezi mtu.

Angalizo dogo: *hata hivyo* haifanyi kazi ya *lakini*. Hiyo huanzia sentensi yake, baada ya nukta.

4. Wakati mwingine silabi moja tu inatosha.
Hapa Kiswahili kina dawa yake. Soma hii: "Dereva alifika Isinya, alinunua dizeli, aliendelea hadi Kajiado." Vishazi huru vitatu, mikato mitupu. Badilisha *li* ya pili na ya tatu iwe *ka*: "Dereva alifika Isinya, akanunua dizeli, akaendelea hadi Kajiado." Ile *ka* inaunganisha yenyewe, kwa hiyo mikato hiyo sasa iko mahali pake. Mipaka yake ni kwamba inasimulia mambo yanayofuatana. Usiitumie kwa mambo yaliyopo kwa pamoja, kama saruji iliyofika na mabati yasiyofika.

Vilevile, "Mzigo utafika saa tano, nipigie" inakuwa "Mzigo utakapofika saa tano, nipigie." Ukiandika "ukifika", msomaji anaweza kudhani huna hakika kama utafika. Na "Risiti iko kwa dereva, dereva yuko Isinya" inapungua badala ya kuongezeka: "Risiti iko kwa dereva aliye Isinya."

5. Swali lipewe sentensi yake.
"Makato ya PAYE hayajalipwa kesho ni tarehe 9 mhasibu yuko likizo nani atashughulikia." Tarehe 9 ndiyo mwisho wa kuwasilisha KRA makato ya mwezi uliotangulia, na hapa swali lenye haraka limezikwa mwishoni bila hata alama yake. Kila mtu atasoma taarifa, hakuna atakayejibu. Rekebisha: "Makato ya PAYE hayajalipwa na kesho ni tarehe 9. Mhasibu yuko likizo. Nani atashughulikia?"

6. Jua pa kuacha.
"Pokea, hesabu, tia sahihi" haina kosa. Ni amri fupi zinazopangwa kama orodha, na kila karani wa ghala anaisoma sawasawa. Methali nazo hupenda mkato kati ya pande mbili zinazolingana: *mla ni mla leo, mla jana kala nini*. Kwa hiyo msaidizi anayepitia barua ya bosi wake asiwinde kila mkato. Ajiulize kama msomaji wa Kajiado anaweza kuelewa jambo jingine. Kama hawezi, na vishazi ni vifupi vya umbo moja, aupitishe ujumbe ulivyo. Kama anaweza, na hasa panapotajwa saa, kiasi cha fedha au kiambishi *usi-*, aweke nukta kabla lori halijapita Isinya.