Sanduku la kadi la vyumba vitano: ratiba ya siku 16 bila simu

Katika shule nyingi za bweni mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo programu za kumkumbusha arudie nini na lini hazimfai. Sanduku la Leitner hufanya kazi hiyohiyo kwa karatasi. Mwandishi wa Kijerumani Sebastian Leitner alilieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1972, na kanuni yake ni fupi: kadi uliyoijibu sawasawa husonga mbele chumba kimoja, uliyoikosa hurudi chumba cha kwanza hata kama ilikuwa imefika cha nne, na kila chumba hupitiwa mara chache kuliko kinachokitangulia. Kanuni haina ugumu. Kinachowashinda watu ni kujua leo ni zamu ya chumba kipi. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Kemia anayetaka kushika alama na valensi za elementi.

Vifaa

Tafuta boksi la viatu na karatasi za manila za ukubwa wa A4. Kunja kila karatasi katikati mara tatu, kisha kata kwenye mikunjo. Utapata kadi nane, kila moja kama sentimita 7 kwa 10. Kata vipande vitano virefu kidogo kuliko kadi, viandike namba 1 hadi 5, uvisimamishe ndani ya boksi viwe kuta za vyumba. Andika kwa kalamu ya kawaida. Wino mzito hupenya, na jibu likionekana upande wa swali kadi hiyo haikupimi tena.

Kadi moja ibebe swali moja. "Eleza kuhusu chuma" si swali la kadi, kwa kuwa hutajua kama umepata au umekosa. Chuma kinahitaji kadi tatu: "Alama ya chuma ni ipi?" jibu Fe, "Fe ni alama ya elementi gani?" jibu chuma, na "Valensi za chuma ni zipi?" jibu 2 na 3. Kadi mbili za kwanza zinafanana, lakini kuna anayeitambua Fe akiiona na asiweze kuiandika akiulizwa.

Ratiba

Leitner mwenyewe hakuhesabu siku. Vyumba vyake vilipishana upana, na chumba kilipitiwa kilipojaa. Njia hiyo inafaa kwa mtu asiye na saa maalumu, lakini mwenye prepo kila usiku atafanya vizuri zaidi akifuata mzunguko wa siku 16. Chumba cha 1 hupitiwa kila siku, pamoja na chumba kingine kimoja tu:

- Siku ya 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13 na 15: chumba cha 2
- Siku ya 2, 6, 10 na 14: chumba cha 3
- Siku ya 4 na 12: chumba cha 4
- Siku ya 8: chumba cha 5
- Siku ya 16: chumba cha 1 peke yake

Yaani chumba cha 2 kinapitiwa kila baada ya siku 2, cha 3 kila baada ya siku 4, cha 4 kila baada ya siku 8, na cha 5 kila baada ya siku 16. Chora miraba 16 kwenye kipande cha manila, andika katika kila mraba chumba cha siku hiyo, ukibandike ndani ya kifuniko cha boksi. Kibanio cha karatasi kionyeshe ulipofika, ukisogeze kila ukimaliza. Mzunguko wa kwanza utakuta vyumba vya juu vitupu. Siku hizo pitia cha 1 tu.

Miraba inahesabu siku ulizosoma, si tarehe. Ukiugua siku nne, endelea pale kibanio kilipo. Usijaribu kulipa siku nne kwa usiku mmoja.

Mpangilio wa usiku mmoja

Anza na chumba cha juu, umalizie na cha 1. Ukianza na cha 1, kadi itapanda cha 2 na utakutana nayo tena dakika chache baadaye, ikiwa bado moto kichwani. Tamka jibu au liandike kabla ya kugeuza kadi, na nusu ya jibu ihesabu kuwa umekosa: aliyesema chuma kina valensi 2 akaishia hapo, amekosa.

Kadi ulizokosa zisome upya, kisha ziweke kando mezani. Zirudi chumba cha 1 baada ya kazi yote kwisha, pamoja na kadi mpya za usiku huo, ili zijaribiwe kesho na si leo.

Tufuate kadi ya "Alama ya potasiamu ni ipi?" Imeandikwa siku ya 1. Siku ya 2 imejibiwa K, ikapanda chumba cha 2. Siku ya 3 imepatikana tena, ikaingia cha 3. Inangoja hadi siku ya 6, inapanda cha 4. Inangoja hadi siku ya 12, inapanda cha 5. Zamu yake inayofuata ni siku ya 8 ya mzunguko wa pili, yaani siku 12 baadaye. Ikipatikana hapo imehitimu, itoke sandukuni. Si kila kadi itapata nafasi zilezile, kwa sababu inategemea iliingia siku gani, lakini kwa jumla kadri inavyopanda ndivyo inavyongoja zaidi.

Kadi ngapi mpya?

Anza na tano kwa siku. Kila kadi hupita vyumba vitano, hivyo ukipata zote, wastani wa kazi yako ni kadi 25 kwa siku. Siku hazilingani: zamu ya chumba cha 4 inaweza kufika kadi 45, na ya chumba cha 5 kadi 85. Kwa sekunde kama 10 kila kadi, hiyo ya mwisho ni robo saa. Zikikuzidi, bakiza nyingine kwa kesho yake, maana siku inayofuata ni ya chumba cha 2 na huwa nyepesi.

Chumba cha 1 ndicho kipimo. Kikizidi kadi 15, acha kuongeza mpya hadi zishuke chini ya 10.

Kila kadi inaporudi chumba cha 1, itie alama ya penseli pembeni. Ikifika alama tatu, tatizo huwa liko kwenye kadi. Mara nyingi inagongana na nyingine: anayeandika P kwa potasiamu anahitaji kadi ya pili, "P ni alama ya elementi gani?" jibu fosforasi. Au imebeba mengi mno, kama "Taja elementi zote za kundi la kwanza", hiyo igawanye.

Sanduku hushika alama, valensi na majina. Kusawazisha milinganyo hujifunzwa kwa kufanya mazoezi daftarini. Kadi zilizohitimu zifunge kwa mpira na uzipitie zote mara moja kabla ya mtihani. Yoyote utakayoikosa siku hiyo irudishe chumba cha 1.