Barua kwa Bosi wa Zamani: Kuomba Udhamini wa Kazi



Ukisoma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, utakuta karibu kila mara mwombaji anaambiwa aandike majina ya wadhamini watatu wa kuaminika pamoja na mawasiliano yao. Wengi wetu tunajaza jina la bosi wa zamani halafu tunamwambia baadaye, au hatumwambii kabisa. Leo tujifunze jinsi ya kumwandikia kwanza.

Tuanze kwa kutofautisha mambo mawili. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hapa Tanzania, ajira inapokoma mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi. Hicho ni haki yako, unaweza kukidai. Lakini kukusemea kwa mtu mwingine si deni. Bosi anaweka jina lake mwenyewe juu ya maneno atakayosema. Cheti unakidai, udhamini unauomba. Ndiyo maana barua yake haiandikwi kama taarifa, inaandikwa kama ombi ambalo mtu anaweza kulikataa.

Tuchukue mfano wa binti aliyetunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi pale Morogoro. Sasa anaomba kazi kwenye bohari ya dawa. Anamwandikia mama mwenye duka hivi:

"Shikamoo Mama. Natumaini u mzima na kazi zinaendelea. Ni mimi niliyekuwa natunza stoo yako kuanzia Februari 2022 hadi Machi 2023. Nataka kuomba kazi ya kutunza bohari ya dawa, na wanataka mdhamini mmoja awe aliyenisimamia kazini. Naomba ruhusa yako niandike jina lako na namba yako ya simu. Kazi yenyewe ni kuandika mzigo unaoingia na kutoka. Kwako nilikuwa naandika leja kila jioni, na kila mwisho wa mwezi tulihesabu mzigo pamoja tukalinganisha na leja. Wakikupigia, naomba uwaeleze hayo kama ulivyoyaona. Kama una shughuli nyingi, au unaona si rahisi kunisemea, niambie tu Mama, nitaelewa. Mwisho wa maombi ni tarehe 20, hivyo nitashukuru nikipata jibu kabla ya tarehe 15. Nimeambatisha tangazo la kazi na wasifu wangu."

Angalia kwanza zile tarehe. Anayepiga simu mara nyingi huanza na maswali mepesi: alifanya kazi lini, kazi gani, aliondokaje, ungemchukua tena? Kama wasifu wako unasema miaka miwili na bosi anasema miezi kumi na nne, hata sifa nzuri zitakazofuata hazitaaminika. Hivyo tarehe za barua, za wasifu na za cheti cha utumishi lazima zifanane.

Pili, ile leja. Bosi amepitiwa na wafanyakazi wengi, na baada ya mwaka au miwili anaweza kukumbuka sura tu. Akiulizwa ghafla atasema, "Alikuwa binti mzuri," na maneno hayo hayamsaidii mwajiri kuamua. Ukimkumbusha jambo moja aliloliona mwenyewe, linalohusiana na kazi unayoomba, ana kitu cha kusimulia. Lakini mkumbushe tu, usimtungie. Binti huyu hakuandika "sema sikuwahi kukosea". Alitaja kazi waliyoifanya pamoja, hukumu akamwachia Mama.

Tatu, ule mlango wa kukataa. Vijana wengi wanauogopa, kumbe unakulinda wewe. Bosi aliyebanwa atakubali kwa aibu, kisha simu ikipigwa atajibu kwa baridi, na wewe hutajua kilichokuangusha. Jifunze pia kusoma jibu. "Sawa, wakinipigia nitawaambia" ni ndiyo. "Tutaona," au kimya mpaka tarehe uliyotaja, baada ya kumkumbusha mara moja, ichukulie kuwa hapana. Kama mliachana vibaya, mwombe msimamizi mwingine aliyeiona kazi yako kwa karibu.

Barua hii unaweza kuituma kwa barua pepe au hata WhatsApp, kutegemea yeye anatumia nini. Kama ni mtu mzima asiyependa simu za maandishi, mpigie au mfuate, kisha muachie karatasi yenye jina la kazi na tarehe zako. Na ukishajua matokeo, uwe umepata au umekosa, rudi umwambie.

Zoezi la wiki hii: chukua wasifu wako, tazama majina ya wadhamini. Ni nani kati yao hajui kwamba yumo humo? Mwandikie leo.