Ukilipwa Kusifia, Sema Umelipwa

Tuseme kuna dada wa Mbagala Rangi Tatu mwenye wafuasi 40,000 Instagram. Si msanii wala mwigizaji. Anapika, anasuka, anapiga soga, na watu wanamwamini kwa sababu anaongea kama jirani yao. Siku moja mwenye duka la vipodozi la Mwenge anamwandikia: atampa shilingi 150,000, makopo mawili ya krimu ya uso, na kamisheni ya 2,000 kwa kila kopo litakaloagizwa kwa kutaja jina lake. Anataka video ya dakika moja. "Iwe ya kawaida tu, dada, isionekane kama tangazo."

Mfano huu nimeutunga, lakini hilo sharti la mwisho ndilo kiini cha biashara yenyewe. Kama lingekuwa tangazo la wazi, mwenye duka angeweza kulipia bango pale Tandika au kuwalipa Instagram wenyewe wasambaze picha ya krimu. Hela yake imetoka ili mtu aliyelala kitandani Tegeta, simu mkononi, aone rafiki anamshauri. Mtu huyo akijua kuna 150,000 katikati, anaweza bado kununua, lakini atasikiliza kwa sikio jingine. Kumficha taarifa hiyo ni kumnyima nafasi ya kupima.

Sheria inayogusa jambo hili hapa kwetu ni ya zamani kuliko Instagram yenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, inakataza katika kifungu cha 15 mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha. Haikutaja stori wala kapsheni, na haikuhitaji kutaja. Ukiangalia maneno hayo, kinachopimwa ni picha inayobaki kichwani mwa mnunuzi. Aliyeandaa video ionekane ushauri wa bure wakati ni kazi ya kulipwa hawezi kujificha nyuma ya hoja kwamba hakusema uongo hata neno moja.

Wengi wakisikia "kulipwa" wanafikiria fedha iliyoingia kwenye simu. Turudi kwa dada wetu. Hata angekataa ile 150,000 akachukua makopo mawili peke yake, amepokea. Kamisheni ni malipo hata kabla kopo la kwanza halijauzwa, na pengine ndiyo inayovuta ulimi zaidi, kwa sababu kadiri anavyosifia ndivyo anavyopata. Kusukwa bure saluni ili uposti ni malipo. Kulazwa bure hotelini ni malipo. Duka likiwa la shemeji yako, hakuna aliyekulipa, lakini mfuasi angependa kujua. Kipimo ni kimoja: je, mtu angeyapokea maneno yako tofauti kama angelijua hilo? Kama ndiyo, liseme. Krimu uliyonunua kwa hela yako dukani kama mteja mwingine, ukaipenda, haina cha kutaja.

Sasa tuje kwenye namna ya kulisema, kwa sababu hapa ndipo hata wenye nia njema wanapokosea.

Mitandao mikubwa ina kitufe cha kazi hii. Instagram, kabla hujaposti, kwenye ukurasa wa kuandika kapsheni, tafuta "Add paid partnership label", uwashe na uongeze akaunti ya duka. Juu ya posti yatatokea maneno "Paid partnership". TikTok kuna "Content disclosure": chagua "Branded content" kama unatangaza kitu cha mtu mwingine, au "Your brand" kama bidhaa ni yako. YouTube unaweka tiki kwenye "Paid promotion", na mtazamaji anaonyeshwa taarifa hiyo kwa sekunde chache video inapoanza.

Vitumie. Lakini kwa Dar es Salaam havitoshi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni lugha. Maandishi hayo hutokea kwa Kiingereza kwenye simu nyingi, madogo, juu kabisa, wakati video nzima inaongea Kiswahili. Tume ya Biashara ya Marekani, yenye uzoefu mrefu na kesi hizi, inaelekeza kwamba taarifa itolewe kwa lugha ileile ya tangazo. Nadhani hapo hakuna wa kubisha.

Ya pili ni kubwa zaidi. Kitufe kinaweka alama kwenye posti, hakiweki kwenye video. Mtu akirekodi kioo cha simu yake, au akiishusha video kwa programu ya pembeni, alama ile inaweza isifike naye. Na huku kwetu tangazo halikai lilipozaliwa. Linatoka Instagram, linaingia kwenye hadhi ya WhatsApp ya binti wa Kijichi, kutoka hapo linatua kwenye grupu la kikoba Chamazi, na mama anayeliona huko hana hata akaunti ya Instagram. WhatsApp haina kitufe cha kutaja malipo. Video inafika ikiwa imevuliwa kila kitu isipokuwa picha na sauti. Kwa hiyo taarifa lazima iwe ndani ya picha na ndani ya sauti.

Kwa dada wetu, ndani ya sekunde tano za mwanzo, kabla hajashika kopo, anasema kwa mdomo wake: "Hili ni tangazo. Duka limenilipa nikuonyesheni krimu hii, na nikiuza napata kamisheni." Wakati huohuo neno TANGAZO LA KULIPWA linakaa kwenye picha, kwa herufi zinazosomeka bila kukodoa, na linabaki hadi mwisho. Maandishi yanamsaidia anayetazama kwenye daladala bila sauti. Sauti inamsaidia anayesikiliza huku anaosha vyombo. Neno hilo aliandike kwa kutumia programu ya kuhariri kabla ya kuposti, si kwa kibandiko kinachowekwa juu ya stori, na aliweke mahali ambapo vitufe vya TikTok vya kulia na chini havilifuniki.

Kapsheni nayo ina mtego wake. Simu huonyesha mistari michache ya mwanzo tu, mingine hadi mtu abonyeze "more". Rasimu aliyoandika dada ilikuwa hivi: "Jamani ngozi yangu mmeiona? Siri nimeipata, asanteni sana duka langu pendwa, nawapenda!" ikifuatiwa na vialama vya reli kumi na mbili, na katikati yake kimoja kinachosema #ad. Kisheria anaweza kudhani ametaja. Kwa mama wa Chamazi hajataja chochote. Ikiandikwa upya inaanza: "TANGAZO. Nimelipwa na duka kuzungumzia krimu hii, na napata kamisheni ukiagiza kwa jina langu." Sifa zinafuata baada ya hapo, kama zipo.

Kuna maneno yanayopendwa kwa sababu yanasikika kama taarifa na wakati huohuo hayasemi kitu. "Kolabo" inaweza kuwa wimbo wa wasanii wawili. "Asante fulani" ni adabu. "Familia yetu" hata sijui inamaanisha nini. Kutaja akaunti ya duka kwa @ kunaonyesha kitu kinauzwa wapi, hakusemi nani kamlipa nani. "Balozi" inakaribia, maana watu wanajua mabalozi wa makampuni hulipwa, lakini ukijitangaza ubalozi mwezi wa kwanza, aliyekufuata mwezi wa sita hakuwepo. Taarifa inarudiwa kwenye kila posti. Stori zikiwa sita, ya nne inaweza kutumwa peke yake, kwa hiyo nayo iwe na neno lake. Kwenye laivu, watu wanaingia na kutoka, basi rudia kila baada ya dakika kadhaa.

Mwenye duka akisema neno tangazo litakimbiza wateja, dada ajibu mapema, kabla ya kupokea hela: "Kaka, kazi naifanya, ila nitasema ni tangazo mwanzoni mwa video na kwenye kapsheni. Kama hilo halikufai, tuache." Ujumbe huo abaki nao. Makubaliano mengi ya aina hii hufanyika WhatsApp bila karatasi, na siku mambo yakiharibika ndio ushahidi pekee wa nani alitaka kuficha.

Kutaja malipo hakusafishi uongo, hata hivyo. Dada alipokea makopo jana. Akisema "nimetumia wiki mbili", neno TANGAZO lililo juu ya kichwa chake halimwokoi. Krimu za kung'arisha ngozi zina hatari yake: zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na bado krimu zenye viambato hivyo huingia. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko Shirika la Viwango, TBS, lenye ofisi Ubungo. Kabla ya kupokea dili, aulize krimu imesajiliwa TBS au la, asome viambato, na kopo lisilo na orodha ya viambato alirudishe.

Kwenye uwekezaji mambo ni mazito zaidi. Juni 2021 Kim Kardashian aliposti kuhusu sarafu ya kidijitali ya EthereumMax na akaweka #AD. Oktoba 2022, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilitangaza kwamba amekubali kulipa dola milioni 1.26 kumaliza shauri hilo, kwa sababu sheria yao ya dhamana ilimtaka aseme pia kiasi alicholipwa, dola 250,000, na hakusema. Hapa kwetu dili la namna hiyo huja kama "grupu la fursa". Anayelitangaza huwa analipwa kwa kila kichwa anachoingiza, na hiyo ndiyo taarifa ambayo anayeingizwa angeitaka kwanza.

Wewe unayetazama, mara nyingi unaweza kuhisi tangazo lililofichwa. Watu watatu wasiojuana wanasifia kitu kimoja wiki moja kwa sentensi zinazofanana. Msimbo wa punguzo una jina la anayeongea. Komenti zinazouliza "umelipwa?" zinafutwa. Muulize waziwazi, kwa heshima. Asiyelipwa hujibu upesi.

Ukiwa umeshanunua na umedhurika au umedanganywa, fanya haraka, kwa sababu stori hutoweka baada ya saa 24 na posti hufutwa. Rekodi kioo cha simu ukionyesha jina la akaunti na tarehe, tunza ujumbe wa muamala wa malipo pamoja na namba iliyopokea, na usitupe kopo hata likiwa tupu. Upotoshaji wa mteja unapelekwa FCC, kipodozi kisicho salama TBS, na kinachouzwa kama dawa kinapelekwa TMDA. Andika ulichokiona na ulichoambiwa kwa mpangilio, ukianza na tarehe uliyoiona video na mahali ulipoionea, kwa sababu kama ilikufikia kwa WhatsApp watahitaji kuifuata kurudi ilikotoka.