Dalili na Ushahidi: Jinsi Mtihani Unavyosimamiwa kwa Kompyuta

Mtahiniwa aliyeko Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika, siku hizi aweza kufanya mtihani uliotungwa ng'ambo bila kupanda nyanda za juu za Ufipa kwenda Sumbawanga. Anachohitaji ni kompyuta yenye kamera, pamoja na mawasiliano ya intaneti. Mitihani ya Kiingereza inayotakiwa na vyuo vingi vya nje ni mfano mmoja. Mitihani ya namna hii ilienea sana mwaka 2020, vituo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Ndani ya chumba hamna msimamizi; kazi yake hufanywa na programu ya kompyuta, na mara nyingi mtu aliye mbali hutazama picha papo hapo au baadaye. Katika makala haya tutaeleza programu hiyo huona nini, isichoweza kuona ni nini, na mambo yanayofuata mtu anaposhukiwa.

1. Programu huona nini

Kabla ya mtihani, mtahiniwa huonyesha kitambulisho chake, na sura yake hulinganishwa na picha iliyomo. Mara nyingi hutakiwa pia kuizungusha kamera ili chumba kizima kionekane. Mtihani unapoanza, programu hufuatilia mambo manne: kama mbele ya kamera kuna uso mmoja tu, kichwa na macho vinaelekea wapi, sauti zinazosikika, na matendo ya kompyuta yenyewe, kama vile kufungua dirisha jingine au kubandika maandishi yaliyonakiliwa.

Yafaa ieleweke kwamba programu haijui maana ya udanganyifu. Hupima tu jinsi mtahiniwa alivyotofautiana na hali iliyowekwa kuwa ya kawaida. Kila tofauti huwekewa alama ya tahadhari pamoja na dakika ilipotokea.

Hebu tuchukue mfano. Mwalimu mmoja wa Kabwe anafanya mtihani wa saa moja, ameketi akilipa dirisha mgongo. Dakika ya 12 jua linatokeza, mwanga wa ziwa unaingia kwa nyuma, kamera inapunguza mwanga, na uso wake unakuwa kama kivuli. Programu inaandika: uso haupo. Dakika ya 25 mtandao unakatika kwa nusu dakika. Dakika ya 31 wachuuzi wa dagaa wanapita nje wakizungumza. Programu inaandika: sauti ya mtu mwingine. Dakika ya 40 anatazama darini akitafuta neno. Amekwisha kupata alama nne, naye hajafanya kosa lolote.

Sasa tumwangalie mtahiniwa wa pili, aliyeficha daftari upande wa kulia. Naye amepata alama nne. Tofauti yao haimo katika idadi, bali katika mpangilio. Huyu wa pili hutazama mahali palepale kila mara, tena mara tu baada ya swali gumu kutokea, na jibu sahihi hufuata upesi. Mpangilio huo hutambuliwa na mtu anayeitazama picha yote kwa makini, akiilinganisha na maswali na majibu.

Udhaifu mwingine unahusu rangi ya ngozi. Mwaka 2022 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu Huria cha Amsterdam, Uholanzi, mwenye ngozi nyeusi, alilalamika kwamba programu ilishindwa kuuona uso wake mpaka aumulike kwa taa. Desemba mwaka huo taasisi ya haki za binadamu ya nchi hiyo ilisema kwamba kulikuwa na sababu ya kutosha kudhani amebaguliwa. Uamuzi wa mwisho, Oktoba 2023, ulisema kwamba ubaguzi haukuthibitika katika jambo lake, lakini chuo hakikulishughulikia lalamiko lake kwa uangalifu uliostahili.

2. Hesabu ya alama za tahadhari

Tuseme watahiniwa ni 1,000, na kati yao 20 wanadanganya. Tuseme pia kwamba programu huwatia alama wadanganyifu 90 kati ya kila 100, na huwatia alama kimakosa waaminifu 10 tu kati ya kila 100. Wadanganyifu watakaotiwa alama ni 18. Waaminifu ni 980, kwa hiyo watakaotiwa alama ni 98. Jumla ni watu 116, na kati yao wenye kosa ni 18 tu, yaani karibu mmoja katika kila sita.

Hesabu hii yaonyesha kwamba hata programu iliyo nzuri huwataja waaminifu wengi kuliko wadanganyifu, kwa sababu waaminifu ndio wengi katika chumba. Basi alama ya tahadhari ni sababu ya kutazama. Si sababu ya kuhukumu. Mwezi Mei 2021 kampuni ya ProctorU ya Marekani iliacha kuuza usimamizi usio na mtu. Moja ya sababu ilizotoa ni kwamba vyuo vilizichunguza takriban asilimia 11 tu ya mitihani iliyotiwa alama na mashine.

3. Kisa cha Dartmouth

Mwaka 2021 shule ya udaktari ya Chuo cha Dartmouth, Marekani, iliwashtaki wanafunzi 17. Shule ilichunguza kumbukumbu za Canvas, programu ambamo masomo huwekwa, ikaona kwamba kurasa za masomo zilifunguliwa kwa majina yao wakati wa mitihani. Wengine waliadhibiwa, hata kwa kufukuzwa.

Wataalamu walipozichambua kumbukumbu zile, walieleza kwamba simu au kompyuta iliyoachwa wazi huendelea kuwasiliana na Canvas yenyewe, bila mtu kuigusa. Kumbukumbu ilithibitisha kwamba kifaa kiliomba ukurasa. Haikuthibitisha kwamba mtu aliusoma. Juni 2021 mashtaka yote yalifutwa, na mkuu wa shule akaomba radhi.

4. Mambo yanayofuata

Msimamizi wa chumbani akikuta karatasi haramu, huichukua, huandika saa na mahali, na humtafuta shahidi. Kwa hiyo anayo kitu mkononi. Mashine mara nyingi haina ila picha na namba, na ndiyo maana hatua za baadaye zina uzito mkubwa zaidi.

Katika vyuo vingi utaratibu ni huu: matokeo huzuiliwa, mtahiniwa huarifiwa kwa maandishi tuhuma yenyewe, huitwa mbele ya kamati ajieleze, kamati hutoa uamuzi, naye ana muda maalumu wa kukata rufaa. Adhabu huanzia onyo na kufutiwa somo, hufikia kusimamishwa au kufukuzwa.

Hata hivyo, kufuta matokeo na kumtia mtu hatiani ni mambo mawili. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani la Tanzania lilifuta mtihani wa darasa la saba katika shule zote za Halmashauri ya Chemba, Dodoma, kwa sababu mtihani ulivuja. Wanafunzi waliurudia Oktoba mwaka huohuo. Mtihani ulipoteza thamani yake, lakini haikusemwa kwamba kila mtoto ni mdanganyifu. Kurudia mtihani chini ya msimamizi huwezekana pale penye shaka tu. Kumfukuza mtu hudai ushahidi.

Kwa hiyo anayetuhumiwa aombe kuonyeshwa picha na dakika zilizotiwa alama, pamoja na kumbukumbu zote za kompyuta. Aandike mapema hali ya chumba, mwanga na mtandao, na muda wa rufaa usimpite.

Maswali

1. Katika hesabu ya sehemu ya 2, wadanganyifu wakiwa 200 badala ya 20, ni watu wangapi watakaotiwa alama, na wangapi kati yao wana kosa?
2. Kumbukumbu za Canvas zilithibitisha jambo gani, na zilishindwa kuthibitisha jambo gani?
3. Mwalimu wa Kabwe angebadili nini katika chumba chake ili apunguze alama za uongo?